Safu ya Salio

Bajeti ya nyumbani ya enzi ya kaunta buku ilikuwa na sehemu mbili: mapato juu, matumizi chini, kisha jumla moja ikatolewa kwenye nyingine. Sisi wa rika langu tuliikuta hivyo kwa wazazi wetu na tukaiendeleza. Kikibaki chochote juu ya sifuri, mwezi ulihesabiwa kuwa umepangika. Hata hivyo nyumba hizohizo zilianza kukopa dukani wiki mbili baada ya mshahara, na lawama zikamwangukia anayeshika hela ya matumizi. Ninashikilia kwamba mara nyingi alionewa. Jedwali lilikuwa limepangwa kujibu kama fedha zinatosha kwa mwezi mzima, wala halikuwa na mahali pa kuonyesha zitapungua tarehe ngapi. Katika safari yote ya bajeti ya nyumbani, kutoka karatasi hadi kompyuta na sasa simu, badiliko ninaloliona kubwa kuliko yote ni safu moja ya mwisho, ile ya Salio, inayohesabiwa upya mstari kwa mstari kwa kufuata tarehe.

Safu hiyo si uvumbuzi wa kompyuta. Kijitabu cha benki kilikuwa nayo tangu zamani: kila unapoweka au kutoa, karani anaandika kilichobaki pembeni. Lakini kijitabu kiliandika yaliyokwisha kutokea, hivyo hakikuhitaji kufutwa. Bajeti inaandika yajayo, na yajayo hubadilika. Ukiisogeza ada ya shule siku mbili nyuma kwenye karatasi, kila salio kati ya tarehe ya zamani na tarehe mpya linageuka. Ukiongeza tumizi jipya, masalio yote yaliyo chini yake hadi mwisho wa ukurasa yanageuka. Hakuna mtu aliyetoka kazini jioni angekaa kufuta na kuandika upya nusu ukurasa kwa kalamu kila linapozuka jambo, kwa hiyo watu wakabaki na jumla peke yake. Adha hiyohiyo ndiyo iliyomsumbua Dan Bricklin mwaka 1978 akisoma Shule ya Biashara ya Harvard, alipomwona mwalimu akifuta na kuandika upya tarakimu ubaoni kwa sababu moja tu ya juu ilibadilika. Mwaka uliofuata yeye na Bob Frankston walitoa lahajedwali la VisiCalc kwa ajili ya kompyuta za Apple II. Faida yake kubwa ilikuwa hiyo: badilisha namba moja, na zote zinazoitegemea zinajisahihisha.

Kwetu jambo hilo lilichelewa kufika sebuleni. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na hata mashine zilipoanza kuingia kwa wingi, lahajedwali lilikuwa chombo cha mhasibu wa ofisi. Waliolipeleka nyumbani walikuwa wafanyakazi waliojifunza Excel kazini, na wengi wao walihamisha daftari kama lilivyokuwa: mapato juu, matumizi chini, na SUM mbili. Chombo kilikuwa kimebadilika, bajeti ikabaki ileile. Sasa lahajedwali limo ndani ya simu, na bado majedwali mengi yanayopitishwa mkono kwa mkono yana umbo hilo la zamani, yakiwa yamepakwa rangi nzuri zaidi.

Tuchukue kaya moja ya kubuni ya Morogoro, mshahara mmoja na genge moja, tuone tofauti iko wapi. Mshahara unaingia tarehe 25 Mei, Sh 780,000, na mkononi zipo Sh 35,000 za mwezi uliopita. Genge linaleta Sh 40,000 kila mwisho wa wiki, mara nne. Gharama zisizobadilika ni kodi ya nyumba, inayolipwa miezi 6 kwa mkupuo, hivyo kila mwezi zinatengwa Sh 120,000. Marejesho ya kikoba Sh 150,000. Umeme na maji Sh 45,000. Na ada Sh 180,000 inayotakiwa tarehe 8 Juni. Chakula cha stoo ni Sh 180,000 na hela ya matumizi ya wiki ni Sh 70,000, mara nne. Jumla ya fedha zote ni Sh 975,000, jumla ya matumizi Sh 955,000. Zinabaki Sh 20,000. Kwa mujibu wa daftari, kaya hii iko salama.

Sasa panga mistari hiyohiyo kwa tarehe, kuanzia siku ya mshahara na si tarehe 1, kwa kuwa mwezi wa kaya huanza fedha zinapoingia. Baada ya kutenga kodi, kulipa kikoba, kujaza stoo na kununua umeme, tarehe 27 Mei salio ni Sh 320,000. Wiki ya kwanza inapita, ya pili inaanza, na tarehe 4 Juni salio ni 220,000. Ada inalipwa tarehe 8, salio linashuka hadi 40,000. Genge linaingiza hela tarehe 10, matumizi ya wiki yanatoka tarehe 11, zinabaki 10,000. Tarehe 17 genge linalipandisha salio hadi 50,000. Tarehe 18 inatakiwa 70,000 ya matumizi ya wiki, na safu inaonyesha -20,000. Tarehe 24 genge linaingiza tena na salio linafika zile 20,000 tulizoahidiwa. Kwa siku 6, kaya ambayo bajeti yake imefunga vizuri haina hela, na itakopa dukani au kwenye simu. Huduma kama Fuliza, iliyoanza Kenya mwaka 2019, zimetengenezwa kwa ajili ya pengo la namna hii, na zinatoza fedha kuliziba.

Tiba inaonekana hapohapo. Kati ya chakula cha stoo cha Sh 180,000 kinachonunuliwa tarehe 26 Mei, acha cha Sh 30,000, labda mafuta na sukari ya wiki ya mwisho, ukinunue tarehe 24 Juni baada ya hela ya genge. Salio la tarehe 18 linakuwa 10,000 badala ya -20,000, na mwezi unafunga kwa 20,000 zilezile. Hakuna tumizi lililopunguzwa hata shilingi. Daftari la jumla lisingeweza kamwe kupendekeza hatua hii, maana kwake tarehe 26 Mei na tarehe 24 Juni ni kitu kimoja. Ndiyo sababu kwenye jedwali la kaya namba ninayoitazama kwanza si ya mwisho wa safu, bali ndogo kuliko zote. Iwapo safu E ndiyo ya Salio, namba hiyo inapatikana hivi:

```
=MIN(E2:E16)
```

Wapo wanaosema jedwali kama hili linamfaa mwenye mshahara tu, na kwamba mwendesha bodaboda au mama lishe hana tarehe za kuandika. Wana haki kwa upande wa mapato. Lakini kwa upande wa matumizi hata mama lishe ana tarehe za kikoba, za ada na za mwenye nyumba, na hizo hazimsubiri. Kwake mapato yaandikwe kwa kiwango cha wiki mbaya, si cha wastani, kwa sababu wastani huficha zile wiki zinazomkwamisha. Hapo safu ya Salio inamwambia tarehe ambayo wiki mbaya itagongana na malipo. Wengine wanauliza jedwali la nini wakati simu inaleta salio kila muamala unapokamilika. Ujumbe wa simu unafanya kazi ya kijitabu cha benki: unasema zilizopo leo. Tarehe 4 Juni simu ya kaya yetu ingesoma Sh 220,000, mtu akajiona ana nafasi ya kununua viatu, ilhali tarehe 18 tayari imekwishaharibika.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka kwa waliojaribu wakaona namba zinadanganya. Chanzo chake kwa kawaida ni fomula yenyewe. Tarehe iko A, maelezo B, mapato C, matumizi D na salio E. Wengi huandika kwenye mstari wa 3 hivi, kisha wanaiburuta chini:

```
=E2+C3-D3
```

Inafanya kazi mpaka siku ya kuongeza mstari. Tuseme dawa za Sh 15,000 zinaingizwa tarehe 6 Juni, kati ya mstari wa 10 na wa 11. Mstari wa ada, ambao sasa ni wa 12, bado unachukua salio la E10, kwa hiyo dawa zimerukwa na masalio yote ya chini yana 15,000 zisizokuwepo. Hakuna onyo lolote. Ukifuta mstari mzima, angalau kosa linajitangaza: #REF! inajaa hadi chini. Namna imara zaidi ni kuanza kuhesabu juu kila mara, salio la kufungulia likiwa limeandikwa C2 kama pato la kwanza:

```
=SUM(C$2:C3)-SUM(D$2:D3)
```

Alama ya $ inaishikilia 2 isisogee fomula inapoburutwa, na mstari ukiongezwa katikati, eneo linalojumlishwa linatanuka lenyewe kuuchukua. Mstari mpya nao upewe fomula yake. Ukisahau, salio lake tu ndilo litakosekana, ya chini yatakuwa sahihi.

Fomula hii ina hatari yake, na inawapata hasa watu wa kwetu kwa jinsi tunavyoandika shilingi. Ukiandika 180,000/= kwenye seli, kompyuta inayachukua kuwa maneno. Ile fomula ya kwanza ingepiga kelele kwa #VALUE!, lakini SUM huyapita maneno kimya. Ada ya kaya yetu ikiandikwa hivyo, salio la tarehe 18 litasomeka 160,000 na la mwisho 200,000. Dalili ni kwamba seli hiyo inajisogeza kushoto wakati namba zote zimekaa kulia, ila kwenye kioo kidogo cha simu si rahisi kuiona. Kwa hiyo weka pembeni kipimo kinachohesabu seli zenye kitu na kutoa zile zenye namba:

```
=COUNTA(C2:D16)-COUNT(C2:D16)
```

Jibu likiwa lolote zaidi ya 0, tafuta maneno yaliyojificha kabla ya kuamini salio. Na mwezi mpya unapofunguliwa, C2 isichukuliwe moja kwa moja kwenye jedwali la mwezi uliokwisha. Hesabu noti zilizopo, soma salio la simu na la benki, jumlisha, uandike hizo. Tofauti kati ya jumla hiyo na salio la jedwali la zamani ipewe mstari wake mwishoni mwa mwezi uliokwisha, uitwe Haijulikani. Mstari huo ukikua mwezi hadi mwezi, yako matumizi yanayojirudia ambayo hayajaandikwa, na pa kwanza pa kutazama ni makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu.