«No» Niliyoitoa kwa Adabu

Nilimlisha kamba mtu asiyekula kamba. Aliniuliza kabla ya kula, na mimi nikamjibu. Jibu langu lilikuwa neno moja, nalo lilikuwa baya.

Hayo yalitokea Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako Kitaliano utakisikia ufukweni karibu kama Kiswahili. Maneno ya wageni nitayaandika kwa herufi zetu, kama tulivyoyaandika kwenye madaftari yetu. Bahati nzuri Kitaliano hakibishani sana na herufi za Kiswahili.

Kitaliano changu cha kwanza nilikipata kwa mapapasi. Kilikuwa Kitaliano cha kuuza vinyago na safari za mashua: «chao amiko», «vieni», «kome stai». Nilipoajiriwa kuhudumia meza nikaenda nacho hivyo hivyo, nikawa namwambia bibi wa miaka sabini «chao, vuoi vino?», yaani namsemesha kama rika langu niliyecheza naye gololi. Wataliano wana «tu» ya watoto, jamaa na marafiki, na wana «lei» ya mtu unayemstahi au usiyemjua. Ajabu ya «lei» ni kwamba kwa asili ni neno la «yeye wa kike», na hata mzee mwenye masharubu unamwita hivyo. Kwa hiyo kitenzi nacho kinabadilika: si «vuoi» bali «vuole», si «skuza» bali «skuzi», si «akomodati» bali «si akomodi».

Msimamizi wetu wa mgahawa, mama mmoja wa makamo tuliyemwita Dada kwa heshima, alinisahihisha mpaka nikanyooka. Nilijifunza kwamba mgeni anayefika usiku hapokewi kwa «bwona note», kwa sababu hilo ni neno la kumpeleka mtu kitandani. Yeye husalimiwa «bwona sera», hata kama ndege imemchelewesha hadi karibu na usiku wa manane. Vijana wa mapokezi walikuwa wakiwapa wageni «bwona note» pamoja na maji ya dafu, na wageni walikuwa wakicheka kwa adabu. Mimi nikawa nawacheka vijana. Nilikuwa nimeshahitimu. Nilijua kusema «vorei» badala ya «volyo», maana ya kwanza ni ningependa na ya pili ni nataka. Wageni wakawa wananiomba mimi, wananisifu kwa meneja, na bakshishi inajibu.

Nayaeleza haya kwa sababu sifa hizo ndizo zilizobeba kosa. Laiti ningekuwa bado nasema «chao amiko», yule sinyora niliyemlisha kamba angenishuku, angemwita mtu mwingine au angeuliza mara ya pili. Aliniamini kwa sababu nilimvutia kiti, nikasema «prego, sinyora, si akomodi», na sikukosea hata herufi.

Usiku ule kulikuwa na mchuzi wa samaki wa nazi. Ukiutazama, ndani ni nguru na nazi, basi. Lakini mpishi wetu alikuwa na desturi ya kuchemsha vichwa na maganda ya kamba, kuyachuja, na kutumia maji yake kuukolezea mchuzi. Hakuna kipande cha kamba unachoweza kukiona kwa macho. Nilijua hilo kwa sababu nilikuwa napita jikoni kila jioni na kuonjeshwa. Sinyora aliutazama mchuzi, akaniuliza: «Non chi sono gamberi, vero?» Humu hamna kamba, sivyo?

Nikajibu: «No, sinyora.»

Nilikuwa nasema kweli. Hiyo ndiyo sehemu iliyonisumbua zaidi baadaye. Kichwani mwangu mlikuwa na Kiswahili kizima: la, bibi, si hivyo, kamba wamo. Yeye alisema hamna, nami nikamkanusha. Ila kilichotoka mdomoni kilikuwa kile kipande cha mwanzo tu, na kwa Mtaliano kipande hicho kinamaanisha: no, hamna. Akanishukuru. Akala. Nikaenda meza nyingine nikidhani amesikia, ameelewa na ameamua kula.

Haikupita nusu saa midomo yake ikavimba, vipele vikamtoka shingoni, na pumzi ikaanza kuwa nzito. Mumewe alikuwa na vidonge, akampa. Gari la hoteli likawapeleka kituo cha afya, akadungwa sindano, akalazwa hadi asubuhi. Alipona. Siku mbili za likizo yake zilikwenda na maji, na hoteli ikalipa gharama za matibabu.

Kibaya zaidi ni yale niliyoyasema mimi usiku huo huo. Niliwaambia wenzangu: «Nilimwambia wamo. Hakusikia.» Niliyasema hayo bila kupepesa macho, kwa sababu niliyaamini. Nikaongeza na neno kuhusu wageni wasiosikiliza.

Asubuhi Dada akaniita kando, tukakaa meza ile ile ambayo haijatandikwa. Hakugomba. Akaniuliza, «Alikuuliza vipi?» Nikamwambia. «Ukamjibuje?» Nikasema, «Nilimwambia no.» Akanyamaza kidogo. «No, kisha?» Nikasema, «No, wamo.» Akauliza, «Hilo la wamo ulilitamka?»

Sikuwa nimelitamka.

Bado nilikuwa najitetea moyoni, kwamba hata bila ya hilo neno maana ilikuwa wazi. Ndipo akanigeuzia maswali. Kwanza kwa Kiswahili: «Hujanywa chai?» Nikajibu, «Ndiyo.» Kweli nilikuwa sijanywa. Kisha akaniuliza lile lile kwa Kitaliano, akaniambia nijibu kama Mtaliano. Nikafungua mdomo kusema «si», nikaona uso wake, nikaufunga. Hapo ndipo nilipoona. Mtaliano ambaye hajanywa chai angesema «no». Kwao jibu haliangalii aliyeuliza amesema nini, linaangalia chai imenywewa au haikunywewa. Ndiyo yetu inamjibu msemaji: ulivyosema ndivyo. La yetu vilevile: ulivyosema sivyo. «Si» na «no» zao zinaijibu chai yenyewe. Au kamba.

Swali likiwa la kawaida, «kamba wamo?», lugha zote mbili zinakwenda njia moja na kosa halionekani. Swali likija kwa kukanusha, «kamba hamna?», njia zinapishana. Kama kamba kweli hamna, Mswahili atasema ndiyo na Mtaliano atasema «no». Kama wamo, Mswahili atasema la na Mtaliano atasema «si». Na wageni wenye mzio huuliza kwa kukanusha mara nyingi, kwa sababu hilo ndilo jibu wanalolitumaini: hamna karanga, sivyo? Hamna maziwa, sivyo?

Ukikosea upande mmoja, ukasema «si» wakati kamba hamna, mgeni atasukuma sahani na utapoteza sahani moja. Mimi nilikosea upande wa pili.

Nilipokaa na jambo hilo nikaanza kukumbuka mengine ambayo nilikuwa nimeyaelewa vibaya kwa muda mrefu. Mgeni aliwahi kuniuliza «non che piu pane?», mkate umekwisha? Nikasema «si», nikimaanisha ndiyo, umekwisha. Akabaki anaungoja, mwisho akaondoka amenuna, nami nikasema moyoni kwamba Wataliano hawana subira. Mapokezi mgeni wa Kiingereza aliuliza kama chumba hakijawa tayari, kijana akamjibu «yesi», naye akabeba mabegi yake hadi mlangoni akakuta kitanda hakina shuka. Tulimcheka. Kiingereza kina kasoro ile ile ya Kitaliano, na sote tulikuwa tunaanguka shimo moja kila siku, ila halikuwa na kina cha kumvunja mtu mguu.

Wafaransa na Wajerumani, nilikuja kujua, wameliona tatizo hili wakaliwekea neno lake. Ukimwambia Mjerumani kamba hamna, na kamba wamo, hasemi ndiyo yake ya kawaida, anasema «dokh». Mfaransa anasema «si». Naam, «si» ile ile ambayo kwa Mtaliano ni ndiyo ya kila siku. Anayehudumia meza za mataifa yote hayo usiku mmoja nampa pole.

Dada alinifundisha dawa ndogo. Swali la chakula halijibiwi kwa neno moja, hata likiwa rahisi namna gani. Unalitaja lenyewe: «chi sono gamberi», kamba wamo, au «non chi sono gamberi», hamna. Ukishaitamka sentensi nzima, ile «si» au «no» ya mwanzo hata ikipotoka mgeni atasikia mgongano na atauliza tena. Kisha na wewe unauliza, na unauliza kwa «lei»: «lei e alerjika?» Akisema ana mzio, humjibu papo hapo, hata ukijua. Unasema «un momento, kiedo in kuchina», subiri kidogo naenda kuuliza jikoni, na kweli unakwenda. Mpishi anaulizwa kwa Kiswahili, na anaulizwa bila kukanusha: «Mchuzi huu umeutia nini?» Siyo «hukutia kamba, eti?», maana hapo mwenyewe utarudi na ndiyo usiyojua ni ya nini.

Na supu na michuzi inaulizwa zaidi kuliko vitu vya kukaanga, kwa sababu huko ndiko vitu visivyoonekana vinakokaa. Ingawa hata mafuta ya kukaangia yana yake, kama kamba na viazi vimepita karai moja.

Mimi niliondolewa mezani msimu wote uliobaki, nikapelekwa stoo kuhesabu soda na vitambaa. Mshahara ulibaki, bakshishi ikaisha, na bakshishi ndiyo iliyokuwa inalipa ada ya mdogo wangu. Alikaa nyumbani muhula mmoja. Nilipomweleza sababu, alidhani nafanya mzaha.

Kwa sinyora nilikwenda kabla hawajaondoka. Nilikuwa nimeandaa sentensi ndefu yenye kila heshima niliyoijua. Nikafika nikasema «o zbalyato io», nimekosea mimi, nikasimama. Mumewe hakunitazama. Sinyora mwenyewe aliniuliza kwa Kitaliano cha polepole, kama anayezungumza na mtoto: kwa hiyo ulikuwa hujui? Swali la kukanusha, tena. Nilijua. Nikamwambia, kwa sentensi nzima, kwamba nilijua.

Nilirudi mezani msimu uliofuata, na sasa nina ugonjwa wa upande mwingine. Juzi tunatoka nyumbani, mke wangu akaniuliza, «Hukuchukua ufunguo?» Nikajibu, «La.» Yeye ni Mswahili kamili, akaelewa kwamba si hivyo, nimeuchukua, akauvuta mlango wenye kitasa cha kujifunga. Ufunguo ulikuwa juu ya meza.