Povu la Kahawa ya Kituruki

Kahawa ya Kituruki haichujwi. Mnywaji hupewa kikombe chenye unga wake ndani, na hata hivyo hutazamiwa anywe kahawa safi yenye povu juu. Kwa Waturuki, kikombe kisicho na povu ni alama ya mwenyeji asiyejali. Nami mgeni wangu ni jirani askari atokaye zamu ya usiku. Akitafuna mashapo, hatabisha hodi tena.

Chombo chake ni kibirika kidogo cha shaba chenye mkono mrefu. Waturuki hukiita jezve, na Waarabu wa Shamu hukiita rakwa. Kitako chake ni kipana na shingo yake ni nyembamba, nayo shingo hiyo ndiyo inayolikusanya povu lisitawanyike. Katika kibirika kikubwa mno povu huwa jepesi likavunjika. Kwa watu wawili, maji ya vikombe viwili yafike karibu na shingo.

Kahawa isagwe iwe laini kupita unga wa ugali, laini kama poda ya mtoto. Chembe kubwa huelea na kuingia kinywani. Kahawa ya Bugisu, ya miteremko ya Mlima Elgoni, yafaa kabisa, ilimradi imekaangwa karibuni. Buni iliyokaangwa hushika hewa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo inayoliinua povu. Ikikaa miezi mkebeni, hewa hutoka, wala hakuna ufundi wa moto utakaoirudisha.

Pima maji baridi kwa vikombe vilevile vidogo vya kunywea. Tia vijiko vinne vya chai vya kahawa vilivyojaa, yaani gramu 14 hivi, na sukari kwa anayeitaka. Sukari hutiwa sasa, kwani ukiikoroga kikombeni utayaamsha mashapo. Koroga mpaka unga wote ulowe, kisha weka kijiko kando.

Moto uwe mdogo. Makaa ya sigiri yafunikwe jivu. Baada ya dakika chache ukingo wa povu huanza kujikunja kuelekea katikati. Hapo usigeuze macho, hata mtoto akilia. Povu likipanda shingoni, epua kabla kahawa haijatokota, kwa maana ikitokota povu hupasuka lisirudi. Hapa ndipo wengi waliozoea kahawa ya mdila ya pwani hukosea, kwa kuwa ile huchemshwa kwa muda mrefu wala haidaiwi povu.

Gawa povu kwa kijiko katika vikombe vyote viwili, rudisha kibirika motoni mpaka kahawa ipande tena, kisha mimina polepole ubavuni mwa kikombe.

Mgeni asinywe mara moja. Katika dakika mbili mashapo hushuka yakatulia chini kama tope. Mpe maji baridi anywe kwanza, kama wafanyavyo Waturuki. Kisha anywe bila kutikisa kikombe, na aache pale midomo inapohisi uzito.