Asilimia 60 ya Nini?

Mimi hulipwa kwa makala, si kwa mwezi. Makala ikikataliwa, hakuna kitu. Kwa hivyo nikipewa kazi na maagizo yake, huwa sina muda wa kubishana sana. Lakini kuna kazi moja ya maneno 600 iliyonifanya nibishane kwa siku tatu, na ubishi wote ulikuwa juu ya namba moja.

Kazi yenyewe ilikuwa kueleza kama tohara ya wanaume inazuia virusi vya ukimwi. Maagizo ya mhariri yalikuja kwa simu, mistari miwili tu, na mmoja ulisema kichwa cha habari lazima kiwe na "asilimia 60". Namba hiyo unaijua. Imekuwa kwenye mabango, kwenye redio, na kwenye mdomo wa kila mtu aliyewahi kuhamasisha vijana Nyanza. Na si uongo. Shida ni kwamba ukimuuliza mtu "asilimia 60 ya nini?", hapo ndipo kila mmoja anaanza kukupa jibu lake.

Nilimpigia binamu yangu Kisumu kupima hewa. Ana miaka 22, anaendesha bodaboda, na alikuwa bado anajifikiria kama aende kliniki. Nikamuuliza yeye anaelewaje hiyo sitini. Akacheka: "Buda, si hiyo ni pasi? Kati ya watu mia, sitini wako salama. Mimi najua nitakuwa kwa hao sitini." Kisha akaongeza, kama mzaha ambao si mzaha, kwamba akishatahiriwa kondomu itakuwa ya siku za wasiwasi pekee.

Basi twende kwa utafiti wenyewe. Ulifanyika huko huko Kisumu, kuanzia 2002, na matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Lancet Februari 2007. Walichukuliwa wanaume 2,784 wa miaka 18 hadi 24, ambao hawakuwa na virusi na walikuwa tayari kutahiriwa. Wakagawanywa kwa bahati nasibu. Wanaume 1,391 wakapangiwa kutahiriwa mara moja, na 1,393 wakaambiwa wasubiri miaka miwili. Wote, waliotahiriwa na waliosubiri, walipewa ushauri na kondomu za bure. Desemba 2006 utafiti ukasimamishwa mapema, kwa sababu tofauti ilikuwa imeonekana wazi na haikuwa haki kuendelea kuwaambia wengine wangoje.

Katika kundi lililotahiriwa waliambukizwa wanaume 22. Katika kundi lililosubiri, 47. Ukiwa na kalkuleta unaweza kushawishika kugawanya hapo hapo: 22 kwa 1,391, na 47 kwa 1,393. Usifanye hivyo. Kwa kuwa utafiti ulikatizwa, si wote waliokuwa wamefikisha miaka miwili, na watafiti wenyewe walihesabu kwa kuzingatia muda ambao kila mmoja alifuatiliwa. Hesabu yao inasema kwamba kwa miaka miwili, asilimia 4.2 ya waliosubiri waliambukizwa, na asilimia 2.1 ya waliotahiriwa.

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kilichobaki hapo ni hesabu ya darasa la sita. Una namba mbili, 4.2 na 2.1, na unaweza kuzilinganisha kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kugawanya. Mbili ni nusu ya nne, kwa hivyo hatari imepungua kwa takriban nusu. Watafiti, kwa hesabu yao kamili, walipata asilimia 53. Hii ndiyo hatari linganishi. Inakuambia kundi moja liko wapi ukilipima kwa kundi lingine, lakini haikuambii hatari yenyewe ilikuwa kubwa au ndogo. Ile 60 maarufu inatoka hapa pia. Watu wachache waliopangiwa kutahiriwa hawakutahiriwa, wachache waliopangiwa kusubiri walienda kutahiriwa kwingine, na wanne waligundulika kwamba tayari walikuwa na virusi walipoandikishwa. Ukirekebisha hayo, 53 inakuwa 60. Zote mbili ni halali, lakini zinajibu maswali tofauti kidogo. Hakuna namba kati ya hizo mbili inayohesabu wanaume. Zinahesabu sehemu ya hatari iliyoondoka.

Njia ya pili ni kutoa. Nne nukta mbili kutoa mbili nukta moja ni mbili nukta moja. Hii ndiyo tofauti halisi, na hii sasa inahesabu watu. Niliielezea kwa binamu yangu kwa matatu. Chukua matatu tatu za abiria 33, zote zimejaa vijana wa rika lako, ongeza makanga mmoja. Hao ni mia. Wasipotahiriwa, kwa miaka miwili wanne kati yao wataambukizwa. Wakitahiriwa wote, wataambukizwa wawili. Wale 96 wengine hawangeambukizwa katika muda huo hata bila kisu. Wawili wameokolewa na tohara. Na wawili wameambukizwa licha ya tohara.

Ukimya. Kisha: "Kwa hivyo hao sitini hawako?"

Hawako. Hawakuwahi kuwako. Alichokuwa amefanya ni kile ambacho karibu kila mtu hufanya akipewa asilimia bila kuambiwa ni asilimia ya nini: anaifanya kuwa asilimia ya watu, kisha anajiweka upande mzuri. Na mwandishi aliyemwandikia "inapunguza kwa asilimia 60" hakuandika uongo hata kidogo.

Unaona jinsi hatari linganishi inavyoficha mambo ukiiweka kando ya kisa kingine. Oktoba 1995, kamati ya serikali ya Uingereza inayosimamia usalama wa dawa ilionya kwamba aina mpya ya vidonge vya kupanga uzazi huongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Mara mbili! Magazeti yakachukua hiyo. Wanawake wengi wakaacha vidonge. Mwaka uliofuata, inakadiriwa kwamba mimba zilizotolewa Uingereza na Welisi ziliongezeka kwa takriban 13,000. Na hatari halisi ilikuwa gani? Kwa vidonge vya zamani, kama mwanamke mmoja kati ya 7,000. Kwa vipya, wawili kati ya 7,000. Ongezeko ni la mwanamke mmoja katika elfu saba. Na mimba yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vile vidonge.

Sasa linganisha. Kisumu hatari ilishuka kutoka mbili hadi moja, kwa maana ya uwiano. Uingereza ilipanda kutoka moja hadi mbili. Maneno ni yale yale, nusu na mara mbili. Lakini kwa moja tunazungumzia wanaume wawili kati ya 100, na kwa nyingine mwanamke mmoja kati ya 7,000. Msomaji aliyepewa "mara mbili" peke yake hana njia ya kujua yuko kwenye hadithi gani.

Nilituma makala ikiwa na kichwa hiki: "Kisumu, tohara ilishusha maambukizi kutoka wanaume 4 hadi 2 kati ya 100 katika miaka miwili". Mhariri akajibu kwa sauti ya dakika nne. Sehemu ya kwanza niliitarajia, ati nani atabofya kitu kama hicho. Sehemu ya pili ilinikalisha chini. Alisema, "Ukimwambia kijana ni watu wawili tu kwa mia, anaona ni kazi bure. Hatakwenda. Na hiyo itakuwa imekuja na wewe."

Ana hoja. Namba ndogo nayo inaweza kudanganya. "Wawili kati ya 100" ni kwa miaka miwili tu, na kijana wa miaka 20 hana mpango wa kuacha mapenzi akifika 22. Kila mwaka unaoongezeka, hatari inajumlishwa juu ya ile ya zamani. Tena hao wawili ni kati ya mia moja. Chukua vijana 10,000 wenye hatari kama ile ya kundi la Kisumu, na tofauti inakuwa maambukizi 210 yaliyozuiwa kwa miaka miwili. Ndiyo maana serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wake wa tohara ya hiari 2008, haikuwa imepagawa na namba. Kwa mji mzima, wawili kwa mia ni watu wengi sana.

Kwa hivyo jibu si kutupa namba moja na kubaki na nyingine. Jibu ni kuziweka pamoja na kuzifungia kwenye muda na watu wao. Pia madhara yapimwe kwa kipimo kile kile. Hapa waandishi wengi huteleza bila kujua: faida inaandikwa kwa asilimia kubwa ya uwiano, madhara yanaandikwa kwa hesabu ndogo ya watu, na msomaji anadhani amepewa mizani. Katika utafiti wa Kisumu, matatizo yaliyotokana na upasuaji yaliwapata asilimia 1.5 ya waliotahiriwa, na yalipona haraka. Ukiandika "faida asilimia 60, madhara asilimia 1.5" umechanganya futi na mita. Ukiandika kwa vipimo sawa inakuwa hivi: kati ya wanaume 100, wawili wameepuka virusi vya maisha, na mmoja au wawili wamepata tatizo la muda kutokana na upasuaji. Hapo mtu anaweza kuamua.

Tulikubaliana nusu kwa nusu. Kichwa kikasema tohara ilipunguza maambukizi kwa zaidi ya nusu, maana hiyo ni kweli na inasomeka. Aya ya kwanza ikabaki yangu, nzima: "Katika utafiti wa Kisumu wa wanaume wa miaka 18 hadi 24, takriban 4 kati ya 100 ambao hawakutahiriwa waliambukizwa virusi katika miaka miwili. Kati ya waliotahiriwa, takriban 2. Wote walipewa kondomu na ushauri. Utafiti huu ulipima wanaume pekee, kwa hivyo hauwezi kusema lolote kuhusu wapenzi wao wa kike." Alinikata sentensi ya mwisho, nikairudisha, akaiacha.

Binamu yangu aliisoma kwa simu akingoja abiria pale Kondele. Hakuniambia kama ataenda kliniki, na sikumuuliza, huo ni uamuzi wake. Aliniuliza swali moja tu: "Na hao wawili walioambukizwa baada ya kutahiriwa, walikuwa wanadhani wako kwa wale sitini?"