Faida ya Kuku Ilidumu Siku Mbili

Shangazi alipomaliza eda alituita sisi wawili, mume na mke, akatukabidhi shilingi 1,400,000 kutoka katika fungu lake la mirathi. "Wanangu," alisema, "fedha hizi zikikaa ndani zitaliwa. Zifanyieni kazi." Tukakubaliana kwa njia ya mudharaba: mtaji wake, kazi yetu, faida nusu kwa nusu. Hasara ya mtaji ingekuwa juu yake, nasi tungepoteza jasho letu, ila pale ambapo hasara ingetokana na uzembe wetu. Sharti hilo la mwisho tulilitamka haraka, kama watu wasiotarajia kulihitaji.

Tulikuwa na banda nyuma ya nyumba, hapa Chamazi, lenye kutosha kuku 200 wa nyama. Hesabu tuliyoiandika daftarini ilikuwa hivi. Vifaranga 200 kwa shilingi 1,800 kila kimoja ni 360,000. Kuku mmoja hula takriban kilo tatu hadi siku ya 32, basi kuku 200 watahitaji kilo 600, yaani mifuko 12 ya kilo 50. Mfuko ulikuwa shilingi 72,000, hivyo chakula peke yake ni 864,000. Chanjo, vitamini, mkaa wa kulelea vifaranga na maranda ya kutandaza chini tulivikadiria 130,000. Jumla 1,354,000. Tukiuza kuku wote 200 kwa shilingi 7,500 tutapata 1,500,000, na faida itakuwa 146,000.

Kosa la kwanza la hesabu hii kila mfugaji ataliona: hakuna aliyekufa. Katika wiki ya kwanza tulipoteza vifaranga sita, na katika wiki ya tatu wawili. Hata hivyo hasara hiyo si ya kutisha. Kifaranga anayekufa siku ya tatu huondoka na shilingi 1,800 za ununuzi na viganja vichache vya chakula. Mfugaji yeyote anapaswa kukadiria vifo vya namna hiyo tangu mwanzo. Kuku 192 waliobaki, kama wangeuzwa siku ya 32 kwa bei ile ile, wangeleta 1,440,000, nasi tungebaki na faida ya 86,000.

Kosa lililotuangusha lilikuwa la kalenda. Tulikusudia kuuza kwa Idi, wakati kila nyumba inatafuta kitoweo. Kwa kuku wa siku 32, vifaranga vilipaswa kuingia bandani siku mbili kabla ya Ramadhani kuandama. Sisi tulilipia oda tulipomaliza kukarabati banda, tukapewa zamu ya tarehe 5 Ramadhani. Tulifurahi kuvipata. Hatukuhesabu kwamba siku ya Idi watakuwa na siku 26 tu, wakiwa wadogo kuliko anavyotaka mnunuzi. Mfanyabiashara aliyetuahidi kwa mdomo alikuja, akawatazama, akaenda kununua kwingine.

Siku ya 32 ilifika, Idi imekwisha, na soko limelala. Tukaambizana kwamba wanaendelea kunenepa, basi hakuna kinachopotea. Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie nasi kidogo.

Kuku wa umri huo hula takriban gramu 170 kwa siku. Kwa bei ya mfuko wetu, kilo moja ya chakula ilikuwa shilingi 1,440, kwa hiyo kila kuku alikuwa akila shilingi 245 kila siku. Nayo faida tuliyoitegemea kwa kuku mmoja, baada ya kugawanya gharama zote kwa wale 192, ilikuwa takriban shilingi 450. Faida yote ya kuku, basi, ni chini ya chakula chake cha siku mbili. Ni kweli alikuwa anaongezeka uzito, lakini mtaani kwetu kuku huuzwa kwa kichwa, si kwa kilo. Uzito ule tuliulipia sisi na mnunuzi akauchukua bure.

Wiki nzima ikapita. Tulimaliza mifuko mitano zaidi, ya shilingi 360,000, sehemu kubwa kwa mkopo wa duka la chakula cha mifugo, bila kumwambia Shangazi. Siku ya 37, mchana wa joto kali, tulikuta kuku wametanua mabawa na kuhema midomo wazi. Walikuwa wazito, na banda lililowatosha awali sasa limewabana. Tulikimbilia maji na kufungua pazia, lakini tisa walikufa. Kila mmoja alikuwa amekwisha kutugharimu zaidi ya shilingi 7,000 za ununuzi na chakula. Kijana mmoja alipita akataka kutununulia mizoga kwa bei ya kutupa, hatukuuliza aipeleke wapi. Kibudu hakiuzwi. Tukafukia.

Wale 183 waliobaki waliondoka kati ya siku ya 39 na 41, kwa shilingi 7,000, jumla 1,281,000. Matumizi yalifika 1,714,000. Baada ya kulipa deni la duka, katika 1,400,000 za Shangazi zilibaki 967,000.

Usiku ule tulitaka kuandika neno moja, "vifo", tulifunge daftari. Tungeaminika, kwa kuwa kila mtu anajua kuku hufa. Lakini tulipopanga tarakimu zilikataa. Tofauti kati ya faida tuliyoandika na hasara tuliyopata ni 579,000. Vifaranga wanane wa mwanzo ni 60,000 tu. Zilizobaki, 519,000, zilitoka katika siku zile za kusubiri: chakula 360,000, kuku tisa wa joto 67,500, na bei iliyoshuka 91,500. Kuchelewa kwenyewe kulijulikana tangu siku ya kulipia oda, kwa yeyote ambaye angehesabu siku.

Tukaenda kwa Shangazi na daftari. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Hao wanane wa mwanzo, mlizembea?" Tukasema hapana. "Na hawa wengine?" Tukanyamaza. Tukamwambia kwamba 433,000 zilizopungua ni juu yetu, tutazirudisha kutoka katika mshahara, 40,000 kila mwezi. Hakutubishia, wala hakutulaumu.

Miezi miwili baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyesema turudie, kwa kuku 100. Safari hii tulianza na wanunuzi: mama lishe wawili, mpishi wa shughuli, na majirani waliotanguliza nusu ya bei. Ndipo tukahesabu siku 32 kurudi nyuma na kulipia vifaranga. Tukaweka kanuni kwamba atakayebaki siku ya 34 atachinjwa na kuhifadhiwa kwenye friza ya jirani. Kuchinja na kunyonyoa ni shilingi 500, sawa na chakula cha siku mbili, lakini akishachinjwa hali tena. Walikufa wanne, tukachinja saba, na faida ikawa takriban 40,000.

Ni kidogo, na nusu yake ni ya Shangazi. Tulimpelekea 20,000 zake pamoja na 40,000 za deni, katika bahasha mbili tofauti. Alizihesabu zote mbili mbele yetu, kisha akatuomba daftari.