Nililipa, na Jina Likazimika

Nakuandikia wewe uliyepokea barua ya kukutisha na sasa hivi umeshika kadi mkononi, unataka kulipa. Nami nilikuwa hapo. Mungu amenivusha, lakini mpaka leo ikiingia barua pepe inayosema muda wangu unaisha, moyo hunienda mbio.

Tuna nyumba ya wageni Pangani, vyumba vinne. Tovuti yetu ina jina la .com, na anwani tunayopokelea wageni inatumia jina hilohilo. Asubuhi moja ikaja barua pepe: onyo la mwisho. Jina la tovuti lilikuwa sahihi, herufi kwa herufi. Walitaka dola 86 ndani ya siku tatu, la sivyo tungepotea mtandaoni. Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa ada ya shule ya mwanangu. Nikalipa. Nikapumua.

Wiki mbili baadaye ikaja barua nyingine, isiyo na rangi nyekundu wala vitisho, ikitaka shilingi elfu 45. Nikasema, hawa ndio matapeli, mimi nimeshalipa. Nikaifuta. Ikaja ya pili. Nayo nikaifuta.

Kisha kukawa kimya. Siku ya kwanza nilidhani ni msimu tu. Siku ya tatu nikafungua tovuti. Haikuwepo. Nikazima simu, nikawasha. Haikuwepo. Mgeni mmoja akapiga simu: barua zake zinamrudia, kundi lake la watu sita limeshapata nyumba kwingine. Nilikaa jikoni gizani. Sikuwasha taa. Sikuweza kumwambia mume wangu ada imekwenda wapi. Mama alinisikia nikilia, akaja na tasbihi yake, akakaa kando yangu. Hakuuliza kitu.

Siku hizohizo akaniandikia mtu nisiyemjua. Alisema ameona tovuti yetu ina matatizo, ataitengeneza upya kwa laki moja tu, na anatuhakikishia nafasi ya kwanza Google. Alichohitaji ni nywila ya akaunti yetu na namba ya siri ya kuhamishia jina. Nilikuwa nimechoka. Nilianza kumjibu.

Mdogo wangu alikuwa amefika kutoka Tanga, maana mama alimwita. Akaniondolea simu mkononi taratibu. "Dada, siku ya kwanza mliponunua jina hili, mlimlipa nani?"

Sikuwa na jibu. Tukatafuta kwenye droo mpaka tukapata risiti ya zamani. Kisha akafungua lookup.icann.org, akaandika jina letu. Kwenye sehemu ya Registrar lilitokea jina la kampuni ileile ya kwenye risiti. Huyo ndiye msajili wetu. Walionitoza dola 86 hawakuwemo popote. Barua mbili nilizozifuta ndizo zilikuwa za kweli: wasajili wa majina ya .com wanatakiwa kukumbusha mwezi mmoja hivi kabla ya muda kuisha, na tena wiki moja kabla.

Tukaisoma upya ile barua ya vitisho. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijivu, walikiri kwamba hii si ankara, ni tangazo la huduma ya kuitangaza tovuti kwenye mitandao ya utafutaji. Zile siku tatu zilikuwa mwisho wa tangazo lao. Jina letu wakati huo lilikuwa limebakiza wiki sita.

Na yule wa nafasi ya kwanza? Google wenyewe wanasema hakuna awezaye kuihakikisha. Ile namba ya siri nayo ndiyo ufunguo wa kuliondoa jina kwa msajili wetu. Ningeituma, labda leo lingekuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Jina lilikuwa limekwisha muda kwa siku 12. Msajili wetu alikuwa bado anapokea malipo kwa bei ya kawaida. Tungechelewa zaidi tungeingia kwenye kipindi cha kulikomboa kwa faini kubwa, na baada ya hapo yeyote angeweza kulinunua. Mdogo wangu akalipa elfu 45. Kesho yake tovuti ikarudi. Mume wangu nilimweleza yote usiku huo. Alinyamaza, kisha akasema ada tutaitafuta pamoja. Tuliipata, alhamdulillahi. Dola 86 na wale wageni sita havikurudi.

Sasa jina la msajili na tarehe ya kuisha nimeviandika kwenye karatasi, ipo ukutani jikoni, pale nilipolia. Barua ikija, hata ya upole, sibonyezi kiungo chake. Mkono bado hutetemeka. Naisoma karatasi, naandika mwenyewe anwani ya msajili wangu, naingia kwenye akaunti, natazama kama kuna deni. Nawe, ndugu yangu, weka kadi chini kwanza. Itafute ile risiti ya siku ya kwanza.