AHADI SI FEDHA: KAMATI YA HARUSI NA DENI WANALOBAKI NALO MAHARUSI



Ndugu zangu katika imani, msimu wa harusi umefika na simu zetu zimejaa makundi ya Wasapu yenye majina ya mabwana na mabibi harusi. Leo nataka tuzungumze kuhusu kamati za harusi, hasa jambo moja ndani yake ambalo naletewa mara kwa mara baada ya harusi kwisha: kutumia ahadi kana kwamba ni fedha.

Kwanza tuelewane. Kuchangiana harusi si jambo geni wala si baya. Mtume (s.a.w.) alipomuoa Bibi Safiyya (r.a.), wakirejea kutoka Khaibar, walima yake ilitokana na michango. Alitandika kitandiko, akawaambia watu kila mwenye kitu akilete. Huyu akaja na tende, yule akaja na samli, vikachanganywa, watu wakala. Ndiyo ikawa walima. Tazameni vizuri mpangilio wake: kililetwa kilichokuwepo, kikaliwa kilicholetwa. Hakuna aliyepanga chakula kwanza kisha akaanza kutafuta wa kukilipia.

Sasa tuangalie kamati zetu hapa Dar es Salaam na miji mingine zinavyokwenda.

Miezi mitatu au minne kabla ya harusi hukaa kikao cha kwanza. Anachaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Familia hutaja mchango wake, kisha kila aliyehudhuria anaandikisha ahadi. Katibu anaweka orodha kwenye kundi: jina, ahadi, alicholipa, kilichobaki. Kisha vinaundwa vikamati vya chakula, ukumbi na mapambo, usafiri, picha na burudani. Hapo bajeti inapangwa, na bajeti hiyo inatokana na jumla ya ahadi. Hapo ndipo penye tatizo.

Nitawapa mfano mmoja. Nimeujenga kutokana na mambo ninayoletewa, na tarakimu nimezirahisisha ili kila mtu azifuate.

Kijana anataka kuoa. Ameweka akiba ya shilingi 2,000,000 kwa ajili ya mahari. Nia yake ni ndoa ifungwe msikitini, kisha watu 150 wale pilau nyumbani. Familia ina shilingi 3,000,000, na kwa pilau ya uani zingetosha. Marafiki wakasema, "Haiwezekani mwenzetu aoe kimya kimya." Kamati ikaundwa. Watu 60 wakaahidi jumla ya shilingi 12,000,000. Ukijumlisha na za familia ni 15,000,000. Wajumbe wakafurahi, na harusi ikatoka uani ikaingia ukumbini, watu kutoka 150 wakawa 300.

Bajeti ikawa hivi: ukumbi 2,500,000, chakula cha watu 300 kwa shilingi 20,000 kila mmoja, 6,000,000, soda na maji 1,000,000, mapambo 2,000,000, picha na video 1,200,000, mshereheshaji na muziki 1,000,000, magari 700,000, kadi na dharura 600,000. Jumla 15,000,000 kamili. Kwenye karatasi hakuna kasoro.

Wiki mbili kabla ya harusi, mweka hazina anahesabu. Fedha za familia zote zipo. Katika ahadi za 12,000,000 zimeingia 7,800,000. Kwa hiyo mkononi mna 10,800,000, pungufu 4,200,000. Wakati huo ukumbi umeshalipiwa sehemu kubwa na haurudishi, mapambo yameshalipiwa kishika nafasi, kadi zimeshasambazwa. Kupunguza haiwezekani tena bila aibu. Zikaanza simu za usiku na ujumbe wa kukumbusha, zikapatikana 1,200,000 nyingine. Pengo likabaki 3,000,000.

Swali: nani anaziba pengo hilo? Si mwenyekiti. Si aliyesema haiwezekani mwenzetu aoe kimya kimya. Anaitwa bwana harusi pembeni, anaambiwa, "Ndugu yetu, tumefika hapa, jikaze kidogo."

Kijana akatoa zile 2,000,000 za mahari. Milioni moja iliyobaki akaikopa kwa wale watu wa mikopo ambayo mtaani tunaiita kausha damu, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Maana yake kila mwezi anapeleka 200,000 na deni lenyewe bado liko palepale 1,000,000. Baada ya miezi mitano ameshalipa riba ya 1,000,000, na hajapunguza hata shilingi moja ya alichokopa. Na mke yuko ndani, mahari yake ilipangwa ilipwe taslimu, sasa anaambiwa asubiri.

Ndugu zangu, tazameni alichofanyiwa kijana huyu na watu wanaompenda. Mahari ni haki ya mwanamke, ni wajibu. Walima ni sunna. Ukumbi, mapambo na magari ni mubaha tu, ukiacha hakuna dhambi. Na riba ni haramu. Tumechukua fedha ya wajibu, tukaongeza ya haramu, tukalipia mubaha.

Kuna hesabu nyingine ambayo wengi hawaifanyi. Gawanya 15,000,000 kwa watu 300. Kila kiti kimegharimu shilingi 50,000. Sasa aliyechangia 50,000 akapewa kadi ya mtu mmoja, amewachangia nini maharusi? Amelipia kiti chake. Na aliyetoa 50,000 akapata kadi ya watu wawili, maharusi ndio wamemchangia yeye. Kwa hiyo ukisikia "tulikuchangia milioni kumi na mbili", jua kwamba sehemu kubwa ilirudi kwa wachangiaji wenyewe katika sahani, soda na muziki. Maharusi waliingia ukumbini na fedha za watu, wakatoka na picha na deni.

Na hapo kwenye kadi pana jambo zito zaidi. Kadi ikitolewa kwa aliyechanga tu, mwaliko umegeuka tiketi. Shangazi wa kijijini, jirani muuza mihogo aliyemlea bibi harusi utotoni, mwalimu wa madrasa, hawa hawana 50,000. Wanabaki nje. Mtume (s.a.w.) alitutahadharisha kwamba chakula kibaya ni cha walima wanayoitwa matajiri na kuachwa masikini. Kamati zetu zinalifanya hilo kuwa kanuni iliyoandikwa.

Wengine wananiuliza, "Sheikh, aliyeahidi asilipe, si ana deni?" Jibu linahitaji utulivu. Kutimiza ahadi ni katika tabia ya muumini, na kuahidi huku moyoni hukukusudia kulipa ni dalili ya unafiki. Lakini kwa wanazuoni wengi, na humo madhehebu yetu ya Shafi, ahadi ya kutoa zawadi haiwi deni la kudaiana mpaka fedha itolewe na kupokelewa. Wanazuoni wa Kimaliki wana kauli mashuhuri kwamba ukimuahidi mtu, naye kwa sababu ya ahadi yako akaingia gharama, inakulazimu. Basi wewe uliyeahidi, ichukue kauli ya Kimaliki kwa nafsi yako, maana kwa neno lako kuna mtu amekodi ukumbi. Na wewe mwanakamati, ichukue kauli ya kwanza: hiyo si fedha yako bado, usiitumie.

Pia acheni kuwaaibisha watu. Kumwekea mtu jina kwenye kundi na alama ya sifuri kila asubuhi, kumpigia bosi wake, kumtumia maneno ya kejeli, si kuomba mchango. Mali ya Muislamu haiwi halali kwetu ila kwa ridhaa ya nafsi yake, na aliyetoa kwa kukimbia fedheha hajaridhia.

Na je, mchango ni zawadi au mkopo? Maana wapo wenye daftari: "Nilimpa laki moja, na mimi mwanangu akiolewa anipe laki moja." Jambo hili wanazuoni wa Kishafi walilijadili zamani kwa jina la nukuti, yaani fedha zinazotolewa harusini. Wapo waliosema ni hiba, wapo waliosema ni mkopo, na wakaangalia desturi ya mahali na nia ya mtoaji. Ushauri wangu: kama unakopesha, sema wazi siku ya kutoa na uandikiane. Kama hukusema, basi umetoa, usimfuate mtu miaka mitano baadaye na daftari. Maharusi wanaoanza maisha na madeni 60 ya laki laki ambayo hawakuyaomba, hao hawajachangiwa.

Sasa tufanyeje? Nasema mambo matatu tu.

La kwanza, mahari itoke kwanza. Kabla kamati haijakaa kikao cha kwanza, mahari iwe imeshakabidhiwa au imetengwa mikononi mwa mtu asiye mwanakamati. Hapo hakuna atakayeigusa.

La pili, bajeti ipangwe kwa fedha iliyoingia. Chukueni fedha ya familia, pangeni harusi inayotimia kwa hiyo tu. Katika mfano wetu, 3,000,000 zilitosha pilau ya watu 150 nyumbani. Hiyo ndiyo harusi. Kisha wekeni tarehe ya mwisho ya michango, mwezi mmoja kabla. Kilichoingia siku hiyo ndicho cha kuongezea. Zikiingia 7,800,000, ongezeni watu, ongezeni nyama, mkitaka tafuteni ukumbi mdogo. Kinachoingia baada ya tarehe hiyo kisiguswe na kamati, ni cha maharusi kuanzia maisha. Ukiona kamati inalipa kishika nafasi ukumbini wakati fedha iliyoingia haifiki nusu ya bajeti, jua deni limeshazaliwa, na bwana harusi ana haki ya kusema hapana siku hiyo hiyo.

La tatu, hesabu zisomwe. Kikao cha kuvunja kamati kisiwe cha kula kilichobaki. Kiwe cha kusoma mapato, matumizi na bakaa, na bakaa ikabidhiwe kwa wenyewe. Mkila bakaa kwa jina la kuvunja kamati bila ruhusa ya maharusi, mmekula amana.

Kwako kijana unayeoa: kamati ni wasaidizi wako, si mabosi wako. Wewe ndiye utakayeamka asubuhi na mke pamoja na deni, wao watakuwa kwenye kundi la harusi nyingine. Nawe binti, ukisikia mchumba wako anataka pilau ya uani, usimlinganishe na mume wa shoga yako. Huenda anailinda mahari yako.

Mwenyezi Mungu awape baraka waliooa na wanaotarajia kuoa, awaunganishe katika kheri, na atukinge sote na madeni na riba. Aamin.

Mwenye mjomba au rafiki mwenyekiti wa kamati, amfikishie.

Wabillahi tawfiq.