Tepu Nyeusi Kwenye Shingo ya Chaja

Chaja ya kompyuta yangu ilianza kuharibika shingoni, pale waya unapoingia kwenye kile kichwa kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta. Ganda la mpira lilipasuka kidogo, kisha nyuzi nyembamba za shaba zikaanza kuchungulia. Alama ya betri kwenye kioo ikawa inawaka na kuzima. Nikiuinua waya inachaji, nikiuachia inakata. Nikawa nauegemeza kwenye kamusi, na yeyote aliyepita karibu na meza yangu nilimwomba asitikise kitu.

Halafu nikapata tepu nyeusi ya mafundi umeme. Niliizungusha mara sita au saba huku nikiivuta, mpaka shingo ikawa ngumu kama kijiti. Kompyuta ikachaji siku nne bila kukatika hata mara moja, nami nikajiona fundi. Usiku wa tano nilikuwa kitandani naandika kazi ya isimu, mdogo wangu amelala kando. Aliamka akaniuliza, "Dada, nani anachoma plastiki?" Nilipoishika ile tepu niliiachia papo hapo. Gundi ilikuwa imeyeyuka, na kwenye shuka kulikuwa na doa la kahawia, upana wake kama sarafu. Lilikuwa karibu na mkono wake kuliko wangu.

Sikuwa mzembe kabisa, nilikuwa na hoja yangu. Umeme wa ukutani ni volti 220, huo unaua na siuchezei. Lakini kwenye chaja yangu pameandikwa volti 19 na ampea 3.42. Volti 19 mtu huweza kuzigusa kwa mkono mkavu asihisi kitu. Nikajiambia kwamba upande huu wa waya hauna hatari. Hoja ilikuwa sahihi kuhusu kupigwa na umeme, ila sikuwa nimefikiria moto.

Kesho yake nilikwenda Buyenzi, mtaa wa hapa Bujumbura ambako Kiswahili ndiyo lugha ya barabarani na mafundi hawakosekani. Mzee mmoja anayetengeneza redio na chaja aliitazama tepu yangu, akauliza, "Mwanangu, hii umeifunga ili isikatike, au ili usiione?" Sikuwa na jibu.

Aliichana kwa wembe, akanionyesha jinsi waya wa namna hii ulivyojengwa. Kwa macho ni waya mmoja, kumbe ni miwili, mmoja ndani ya mwingine. Katikati kuna fungu la nyuzi za shaba, hilo ni chanya. Linavishwa ganda jembamba, na juu ya ganda hilo zinazungushwa nyuzi nyingine nyingi, hizo ni hasi. Halafu ndipo linakuja ganda la nje tunaloliona. Mtu anapokunja waya mahali pamoja kila siku, nyuzi za nje hukatika moja baada ya nyingine. Zinazobaki hubeba umeme wote uliokuwa ukibebwa na kundi zima.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: inapokata, taa ndogo iliyo kwenye boksi la chaja hubaki ikiwaka au huzima? Mimi nilikuwa natazama kioo cha kompyuta tu. Akaikunja shingo upande mmoja: kompyuta ikakata, taa ikabaki. Maana yake nyuzi zimeachana, umeme hauna njia. Akaikunja upande wa pili: taa yenyewe ikazima, na alipoachia ikarudi. Hapo, alisema, ncha kali ya uzi uliokatika imetoboa ganda la ndani na kugusa chanya. Hiyo ni shoti, na boksi limejizima lenyewe ili lisiungue. Kwenye kioo, hitilafu hizo mbili hufanana kabisa. Chaja yangu ilikuwa nazo zote, na kadiri nilivyoikaza tepu ndivyo nilivyozisukuma zile ncha ndani.

Nikasema, basi si boksi linajilinda lenyewe? Akatabasamu, akachukua mita. Akaupima umeme kwenye kichwa cha chaja pasipo mzigo wowote: volti 19.1, safi kabisa. Akaunganisha taa mbili za lori, zile za volti 24, ambazo kwa chaja hii zilivuta kama ampea 1.5. Mita ikashuka mpaka 17.7. Waya mzima wenye afya, alisema, ungekula kama 0.2 hivi. Zile 1.2 nyingine zililiwa shingoni, mahali padogo kama punje ya haragwe.

Hesabu yake niliiandika nyuma ya daftari. Volti 1.2 mara ampea 1.5 ni karibu wati 2 za joto. Lakini kompyuta yenye betri tupu, huku ikitumika, huweza kuvuta ampea 3. Umeme ukiongezeka mara mbili, volti zinazopotea nazo huongezeka mara mbili, kwa hiyo joto huwa mara nne: zaidi ya wati 7. Chuma kidogo cha kulehemu alichokuwa nacho mezani kilikuwa cha wati 25. Nilikuwa nimelaza zaidi ya robo ya chuma hicho kwenye godoro, tena nikakifunika tepu ili joto lisitoke.

Na boksi haliwezi kugundua. Linajizima linapoona shoti kamili au mzigo uliozidi kipimo. Wati 7 zinazopotea shingoni, kwake ni sehemu ya mzigo halali. Tepu nayo ni plastiki. Nyingi ya zile za kawaida hustahimili kama sentigredi 80 tu, na gundi yake hulainika ikipata joto. Zile siku nne za kuchaji vizuri, ambazo mimi nilizihesabu kuwa kupona, zilitokana na tepu kuzibana nyuzi chache zilizobaki ziendelee kugusana. Kama ingekuwa inakatika-katika kama zamani, pengine joto lisingepata muda wa kujikusanya.

Mzee alikata waya sentimita tano juu ya jeraha, mpaka akakuta shaba inayong'aa. Iliyoungua ilikuwa nyeusi na haikubali risasi. Akalehemu kichwa kipya cha kipimo kilekile, akahakikisha kwa mita kwamba chanya iko katikati kama mwanzo, kila upande akauvisha mpira unaojibana ukipashwa joto, na mwisho akavuta ile shingo ya mpira ya kuzuia mkunjo. Alinitahadharisha kwamba si kila chaja hutengenezeka hivyo. Nyingine zina waya wa tatu mwembamba wa kuitambulisha chaja kwa kompyuta. Zile zenye kichwa bapa cha USB-C hazishughulikii pale mezani. Na upande wa volti 220, kutoka ukutani hadi kwenye boksi, haungi kabisa. Waya huo hutoka na kununuliwa mwingine.

Akapima tena kwa zile taa mbili: 18.9.

Siku hizi nikiketi kuandika, baada ya nusu saa hivi hushika shingo ya chaja kwa vidole viwili. Boksi huwa na joto, ndivyo lilivyo. Shingo inatakiwa iwe baridi. Waya nauviringisha kwa duara pana, siukazi tena kulizunguka boksi, na kompyuta haichaji kitandani. Mdogo wangu bado hulala kando yangu, na naye amejifunza kutazama ile taa ndogo.